Mama Tarehe na Karatasi ya Jumapili

Kama hujawahi kufokewa na Sista Mukonyo kwa sababu ya tarehe, basi hujafanya kazi katika wodi yetu. Mimi ni mfamasia wa wodi hiyo, jina langu Kimanzi, na nimefokewa mpaka nikazoea. Ananiita "kijana wa kwetu" kwa kuwa sote tumetoka Makueni. Nina miaka arobaini na mbili na kipara, lakini kwake mimi bado ni kijana.

Wodi yenyewe ni ya wanaume, vitanda ishirini na vinne, katika hospitali moja ya Parklands ambayo jina lake nitaliacha. Mukonyo ameisimamia miaka kumi na tisa. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, anayetembea haraka kuliko wanafunzi wake. Anaishi mtaa wa Jamhuri na mumewe, Mwalimu Kiema, aliyestaafu na sasa anafuga sungura nyuma ya nyumba. Kila asubuhi kabla ya saa moja utamkuta wodini amevaa sweta la buluu, anapita kitanda kwa kitanda akiwasalimu wagonjwa kwa majina. Si kwa namba za vitanda. Ukimwambia "yule wa kitanda tisa" anakuuliza kama mamako alikuzaa akakuita Tisa.

Jina la Mama Tarehe walimpa madaktari wanafunzi, na walimpa kwa hasira. Zamani, alipokuwa bado mgeni wodini, alimkuta mgonjwa mmoja akidungwa antibiotiki siku ya ishirini na tatu. Aliuliza anatibiwa nini. Daktari wa kwanza alisema nimonia, wa pili akasema kidonda, wa tatu akasema alimkuta hivyo. Mgonjwa hakufa. Alienda nyumbani amekonda kwa kuhara, basi. Lakini Mukonyo hakuweza kulisahau jambo hilo, kwamba mtu alidungwa siku ishirini na tatu na hakuna hata mmoja aliyejua kwa nini.

Siku yake ya mapumziko alishuka mjini, akaingia kwenye kibanda cha wachonga mihuri River Road, akatoka na muhuri wa mpira. Una mistari minne. Kwenye faili imeandikwa kwa Kiingereza kama mambo yote ya faili, lakini sisi huisoma kwa lugha yetu: kwa nini, maabara yasemaje, tutaangalia lini, tutaacha lini. Daktari akiandika antibiotiki wakati wa raundi, Mukonyo anagonga muhuri kwenye faili na kusimama hapo hapo kalamu mkononi mpaka mistari yote minne ijazwe. Hakuna anayekwenda kitanda kinachofuata. Niliwahi kumwona daktari bingwa, mtu mwenye magari mawili na mvi, akirudishwa na Mukonyo kutoka mlangoni kwa sababu mstari wa nne ulikuwa mtupu.

Adui yake mkubwa, na wangu pia, ni herufi tatu: CST. Maana yake ni endelea na matibabu yale yale. Ndiyo sentensi fupi kuliko zote katika udaktari, na ninaichukia kwa moyo wote. Daktari aliyechoka huiandika bila kuvua miwani ya jua. Inaweza kuandikwa siku kumi mfululizo na watu kumi tofauti, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa ameamua chochote.

Sasa nifike kwa Mzee Dedan Thuo.

Aliletwa Jumamosi, tarehe kumi na moja Oktoba, na binti yake Wahu, kutoka kwao Dagoretti. Alikuwa anatetemeka, homa imepanda, ubavu wa kulia haugusiki. Ana miaka sitini na sita, tezi dume imevimba, na alikuwa ametembea na mpira wa mkojo wiki tatu. Kazi yake ni kutengeneza magari. Ana gereji ya mabati kando ya Ngong Road, na sifa yake ni moja tu, sikio. Wenye magari wanamtolea mitambo ya kompyuta yenye kusoma hitilafu, naye anaikataa. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia ni kitu gani kinakufa. Wahu alitueleza haya yote kwa fahari huku akimpangusa babake jasho. Yeye ndiye anayeendesha gereji hiyo pamoja naye, mikono yake ina mafuta meusi kwenye kucha.

Waliotoa mkojo na damu za kupeleka maabara walizitoa kabla ya dawa kuanza, kama inavyotakiwa. Mpira ukabadilishwa. Akaanzishwa seftriaksoni, dawa tunayoanza nayo tukiwa bado hatujui mdudu ni nani. Siku tatu homa haikushuka. Jumanne, tarehe kumi na nne, maabara walijibu: damu haina kitu, lakini mkojo una bakteria aina ya ikolai, na hao ni wakaidi. Seftriaksoni haiwawezi, wala vidonge vya kawaida. Zilizobaki zilikuwa meropenemu, ambayo tunaitunza kwa walio mahututi, na amikasini.

Tulikuwa watu wanne kando ya kitanda: Daktari Muthoni ambaye ndiye bingwa wetu, Daktari Debra aliyekuwa bado kwenye mafunzo ya intanishipu, Mukonyo na mimi. Vipimo vya figo za mzee vilikuwa vizuri, kwa hiyo tukachagua amikasini, sindano moja kila siku saa nne asubuhi. Mimi ndiye niliyesema siku saba, zisizidi. Amikasini ni dawa nzuri yenye tabia mbaya mbili, inaumiza figo na inaumiza masikio. Figo mara nyingi hurudi. Sikio likienda, limeenda.

Muhuri ukagongwa. Kwa nini: maambukizi ya figo na mkojo, yenye mpira. Maabara: ikolai sugu, inakubali amikasini. Kuangalia: Ijumaa tarehe kumi na saba, homa, figo, masikio. Kuacha: Jumatatu tarehe ishirini, baada ya sindano ya siku hiyo.

"Mzee," Mukonyo alimwambia, "ukisikia kitu kikilia kwa masikio, ama kizunguzungu, unaniambia mimi. Hata kama ni kidogo."

"Masikio yangu ni sawa kuliko yako, Sista," mzee akamjibu.

Ijumaa tulimwangalia kama tulivyopanga. Homa imeshuka, figo nzuri, masikio hayana neno. Amekula githeri yote na kulalamika kwamba haina chumvi. Mimi nikafunga kabati langu na kwenda Makueni, kwani Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Mashujaa Dei, na niliongeza siku za likizo mpaka Jumatano. Sioni haya kulisema hilo, ingawa tangu hapo nimelifikiria sana.

Karatasi yetu ya dawa, ile inayoning'inia miguuni mwa kitanda, ina vyumba vya siku nane. Ya Mzee Dedan ilijaa Jumamosi. Kwa kanuni, daktari ndiye anayepaswa kunakili dawa kwenye karatasi mpya. Kwa kweli, wikendi ananakili nesi, na daktari anapita akitia sahihi. Jumapili hiyo manesi wawili hawakufika, wagonjwa wapya walikuwa watano, na mmoja wao alikuwa anatapika damu. Mukonyo alikaa mezani na karatasi kumi na moja za kunakili.

Alinakili jina la dawa vizuri. Alinakili kipimo vizuri, saa vizuri, akaandika "siku saba" kama ilivyokuwa. Kwenye kisanduku cha tarehe ya kuanza, akaandika kumi na tisa. Ndiyo tarehe iliyokuwa kichwani mwa karatasi mpya, mkono ukaifuata. Kisha akamaliza zamu yake na kwenda nyumbani kupumzika siku tatu alizokuwa akidai.

Jumatatu ya sikukuu alipita daktari wa zamu ambaye hamjui mzee. Aliandika zile herufi tatu. Jumanne akaja Debra. Debra si mvivu, mniamini. Ni msichana aliyekuwa akimwogopa Mama Tarehe kuliko mitihani, na hakutaka Mukonyo arudi akute karatasi mpya ya dawa bila muhuri kwenye faili. Akagonga muhuri, akatazama karatasi ya dawa, akahesabu siku saba kuanzia tarehe kumi na tisa, akajaza mistari minne kwa mwandiko safi. Kuacha: tarehe ishirini na tano. Ilikuwa tarehe mbaya iliyoandikwa vizuri, na kitu kama hicho hakuna anayekitilia shaka. Mzee akadungwa Jumanne, akadungwa Jumatano.

Alhamisi tulirudi kazini, Mukonyo na mimi. Nilimkuta Mukonyo tayari kando ya kitanda cha Mzee Dedan, anamsalimu, na mzee alikuwa na malalamiko.

"Sista, hiyo fridge yenu ya dawa, mwambie fundi aangalie fan. Beringi imeisha. Tangu juzi jioni inalia, kitu nyembamba hivi, kama ndege. Mchana, usiku. Nimeshindwa kulala."

Jokofu hilo lilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, hatua tatu kutoka kichwani kwake. Nilicheka, kwa sababu nilijua lilikuwa bovu. Lilikuwa limechomolewa tangu wiki iliyopita likimsubiri fundi, na ndani yake tulikuwa tumeweka fomu. Nilitaka kumtania kwamba hata jokofu lililokufa linamsumbua.

Mukonyo hakucheka.

"Mzee, twende tuliangalie," alisema.

Akamshika mkono, akambebea mfuko wa mkojo, wakazunguka ukuta polepole. Akamfungulia mlango wa jokofu. Ndani kulikuwa na joto na karatasi. Mzee akatazama waya uliolala sakafuni. Kwa kuwa ni fundi, hakuamini macho. Aliinama akaweka sikio kwenye bati, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasimama, akaziba masikio yote mawili kwa viganja vyake vikubwa.

"Bado inalia," alisema.

Hapo akaelewa, na sote tukaelewa. Alibaki ameziba masikio, akatutazama mmoja mmoja, na mimi nilitazama chini.

Saa ilikuwa tatu na nusu. Sindano ya saa nne ilikuwa imeshatayarishwa kwenye trei. Mukonyo aliiondoa kwa mkono wake, akapiga mstari kwenye karatasi ya dawa, akampigia Daktari Muthoni simu kwamba ameisimamisha na kwa nini. Muthoni akasema isimame kabisa, damu ichukuliwe ya figo, mzee apelekwe kliniki ya masikio leo hii. Ndipo tukalifungua faili. Muhuri wa tarehe kumi na nne ulisema acha tarehe ishirini. Muhuri wa tarehe ishirini na moja ulisema acha tarehe ishirini na tano, sahihi ya Debra. Debra mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu, machozi yameshaanza.

"Nilihesabu vibaya," alisema. "Sista, I swear nilihesabu mara mbili."

Mukonyo akashusha karatasi ya dawa kutoka kitandani, akaiweka mezani. Akaweka kidole kwenye kisanduku cha tarehe ya kuanza.

"Ulihesabu vizuri," alimwambia. "Hii kumi na tisa ni mwandiko wa nani?"

Sote tunaujua mwandiko huo, ile tisa yake yenye mkia mrefu. Nikasema, kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa, kwamba daktari wa sikukuu alipaswa kurudi nyuma kwenye faili mpaka muhuri wa kwanza, na Debra pia, na mimi nilipaswa kumwachia mtu kazi yangu badala ya kwenda kula maembe kwetu. Yote hayo ni kweli. Mganga hajigangi, nikaongeza, nikijaribu kumfariji.

"Kimanzi," alisema, "nyamaza kidogo."

Akakaa. Akaandika ripoti ya tukio, jina lake juu kabisa, na mahali pa maelezo akaandika kila hatua kuanzia Jumapili. Debra alitaka jina lake liwe la kwanza. Mukonyo akamwambia atakuwa na makosa yake mwenyewe maishani, asikimbilie ya watu.

Kliniki ya masikio iko chini. Tulishuka naye, Mukonyo na mimi, na Wahu alitukuta mlangoni, ametoka gereji na ovaroli. Alikuwa hajaambiwa kitu bado, isipokuwa kwamba babake anapimwa. Mzee aliingia kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, akavalishwa visikizio. Tulimwona kupitia kioo akiinua kidole kila aliposikia mlio. Mwanzoni kidole kiliinuka upesi. Milio ilipopanda, kikachelewa. Ilipopanda zaidi, kijana anayepima alibonyeza, akabonyeza tena, na Mzee Dedan akakaa na mkono pajani, anasubiri kwa heshima mlio ambao ulikuwa umeshapita.

Nililia. Nasema wazi kwa sababu hakuna cha kuficha.

Kijana akatoka na grafu. Sauti za chini na za kati ni nzuri, alisema. Zile za juu zimeshuka, masikio yote mawili. Akamgeukia Wahu, akatabasamu kwa wema.

"Ni kawaida, madam. Ni umri tu. Na kelele za gereji, si unajua. Hii tunaona kila siku."

Na ingeishia hapo. Nataka mlielewe hilo. Kila mtu angeamini, mzee mwenyewe angeamini, na hatukuwa na kipimo cha zamani cha kulinganisha. Wahu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Si umri tu," Mukonyo alisema. "Gereji inaweza kuwa imechangia, umri pia. Lakini huyu mzee amepewa amikasini siku tisa badala ya saba. Hiyo dawa inaua sikio hivi hivi, ikianzia juu. Andika hiyo kwa fomu." Kisha akamgeukia mzee, akainama mpaka macho yao yakalingana. "Mzee Thuo, ni mimi. Niliandika tarehe vibaya Jumapili. Ulikuwa uache Jumatatu. Sijui kama ni hizo siku mbili zimekuumiza ama ni zile saba, hakuna mtu anaweza kujua. Lakini hizo mbili ni zangu. Naomba unisamehe."

Mzee akajigusa sikio.

"Itarudi?"

"Hiyo imepotea, mara nyingi hairudi. Huo mlio unaweza kupungua. Na dawa ikisimama sasa, pengine haitaendelea kushuka."

"Na imesimama?"

"Nimeisimamisha mwenyewe, leo."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Hakusema amemsamehe. Wahu ndiye aliyesema, na hakuinua sauti. "Unajua hii mikono inakula kwa nini?" alimuuliza Mukonyo, akamwonyesha mikono yake na ya babake. "Inakula kwa hilo sikio." Mukonyo akasema anajua. Wahu akamshika babake bega, akamwongoza nje, na tangu siku hiyo mpaka mzee alipotoka hospitalini, hakumsalimu Mukonyo tena. Alipita kama anapita kiti.

Mukonyo aliyabeba hayo yote. Kazini ni yule yule, muhuri mkononi. Tofauti ni kwamba karatasi mpya za dawa sasa zina kisanduku kilichoandikwa "dozi ya kwanza kabisa", alichokipigania kwenye kikao mpaka wakakikubali, na hakuna nesi wala daktari anayenakili bila mwingine kusoma kwa sauti kutoka karatasi ya zamani. Mwalimu Kiema aliniambia kwa simu kwamba mkewe halali vizuri, kwamba anaamka na kukaa jikoni. Nilipomuuliza Mukonyo mwenyewe, alisema sungura wanapiga kelele.

Vipimo vya figo za mzee vilikuwa vimepanda kidogo, vikashuka vyenyewe ndani ya wiki mbili. Sikio lilipangiwa kupimwa tena Januari. Mukonyo aliandika siku hiyo kwenye kalenda yake, na siku ilipofika alishuka kliniki saa ya chai yake, nami nikamfuata. Sikumwambia namfuata.

Korido ilikuwa imejaa. Mzee Dedan alikuwa amekaa katikati ya benchi, amenyoa, amevaa koti. Alipomwona Mukonyo akamwinulia mkono.

"Ule ndege umepunguza," alimwambia. "Naskia tu nikiwa kwa bed. Injini naskia. Zile nyembamba za juu, hapana. Hizo sasa nimemfundisha Wahu, yeye ndiye anaweka bisibisi."

Mukonyo alibaki amesimama katikati ya korido na sweta lake, watu wanampita huku na huku.

Wahu alikuwa ameuweka mkoba wake kwenye benchi, kando ya babake. Alimtazama Mukonyo, akautazama mkoba. Kisha akaunyanyua na kuuweka mapajani.

"Kaa, Sista," alisema. "Bado tuko wa tatu kwa laini."